Mswaki wa Mkono ama wa Umeme? Soma Hii Kabla Umalize Fizi Zako

Manze, ukinywa maji baridi jino moja linakupiga shoti, usikimbilie kusema limetoboka. Enda kwa kioo, vuta mdomo. Ukiona jino hilo limekuwa refu kuliko wenzake na chini karibu na fizi kuna rangi ya manjano, huo ni mzizi. Fizi imerudi nyuma, na haioti tena kama nywele.

Mara nyingi ni mkono wako umeichapa. Chukua msee wa mkono wa kulia mwenye alinunua mswaki ngumu wa finje na anasugua kama anaosha sufuria imeungua. Anaanza upande wa kushoto, nguvu ikiwa bado mingi, so fizi za chonge na magego ya mbele upande huo ndizo huumia kwanza. Mzizi hauna lile ganda ngumu la juu ya jino, kwa hivyo mswaki na dawa huukwangua hadi unabaki na kashimo. Pitisha ukucha hapo, utashikwa.

Rada ni hii: nunua mswaki laini. Uchafu unaotafuta ni utando mwororo, haungojei nguvu. Unataka kufikiwa tu. Shika mswaki na vidole kama kalamu, si kwa ngumi. Inamisha nywele zake nusu kwa jino, nusu kwa mpaka wa fizi, zungusha kidogo kidogo meno mawili matatu, halafu songa. Dakika mbili, asubuhi na usiku. Nywele zikilala kando kabla miezi tatu iishe, bado unakandamiza.

Wa umeme je? Utafiti unaonyesha huondoa utando zaidi kidogo, na mingi hukuhesabia zile dakika mbili. Lakini kitu ya kulipia ni sensa ya presha: ukikandamiza, inawaka taa ama inapunguza kasi. Kama mkono wako ni mzito, hapo doo yako imeenda mahali poa. Shida ni wasee huununua halafu wanasugua nao mbele nyuma. Apana. Uweke kwa jino, ushikilie sekunde chache, usonge lingine. Mota ndiyo inafanya kazi. Kama hauna hiyo chapaa, mswaki laini wa kawaida ukitumiwa hivyo uko fiti kabisa.

Chunga kitu moja: si kila fizi inarudi juu ya nguvu. Kama zinatoka damu, zimevimba na ni nyekundu, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa fizi, na kuacha kupiga mswaki kutaharibu zaidi. Sugua polepole, na damu ikiendelea wiki mbili ama jino likianza kucheza, enda uone daktari wa meno.