Rudufu Huhesabiwa Kuanzia Mbili

"Lakini bakapu si nilifanya!" Rafiki yangu, mpiga picha za harusi huko Tanga, alikuwa ameishika eksteno yake kiganjani na kunisogezea sikioni. Tik, tik, tik, kimya. Kisha tena tik, tik, tik. Kwenye skrini kulikuwa na ujumbe: `You need to format the disk in drive E: before you can use it.` Zilibaki siku tatu akabidhi albamu.

Nilimuuliza picha ziko wapi kwingine. Hakuna kwingine. Laptopu ilikuwa imejaa, akazihamishia zote kwenye eksteno, akazifuta kwenye laptopu, na kadi za kamera akazifomati ili zitumike kazi nyingine. Kwake, kutia picha kwenye eksteno ndiko kufanya bakapu.

Hapo ndipo naona neno lilipomponza. Bakapu limeingia mitaani bila maana yake, likabaki jina la kifaa. Tunayo maneno yetu. Wapo wasemao nakala ya akiba, ila akiba ni kile ulichokiweka kando, na kinaweza kuwa kimoja tu: eksteno ile ilikuwa akiba kweli. Wengine husema chelezo, neno la pwani kwa kitu kinachoelea majini kama boya. Nalipenda, maana chelezo hubaki juu chombo kikizama, lakini msomaji asiyeijua bahari hulipita tu. Mimi nachagua nakala rudufu. Waliosoma enzi za stensili wanakumbuka mitihani ikirudufiwa: ya kwanza ipo, na nyingine zinatoka kwake. Kurudufu hakukuondolei ile ya asili. Ukihamisha, umebadilisha mahali. Ukirudufu, umeongeza idadi. Swali linalofuata neno hili ni moja tu: rudufu ya ipi? Rafiki yangu angejiuliza hivyo angeona kwamba ile ya asili haipo.

Nilimwomba achomoe eksteno na asiichomeke tena. Mlio ule mara nyingi ni wa vichwa vya kusomea, ambavyo vikishindwa kuzisoma alama za kujiongozea kwenye sahani hurudi mwanzo na kujaribu upya. Kila jaribio linaweza kuikwaruza sahani. Kukubali kufomati hakuponyi kichwa kilichokufa, na programu za kurejesha faili hazisaidii diski isiyosomeka. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na siku tatu hazikutosha.

Tukazigeukia kadi. Kamera ikifomati kadi kwa njia ya kawaida, hufuta orodha ya faili, si picha zenyewe. Picha hukaa mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Za harusi zilikuwa mbili, kila moja gigabaiti 64. Ya ukumbini, yenye picha 800, ilifomatiwa lakini haikutumika tena. Ya asubuhi na kanisani ilikuwa na picha 1,900, kila moja kama megabaiti 28, nayo ilikwisha kupigiwa picha 600 za kicheni pati ya watu wengine.

Tulivuta kwanza taswira nzima ya kila kadi kwenye kompyuta, ili tusiiguse kadi yenyewe, kisha tukaipitisha taswira hiyo kwenye programu ya PhotoRec. Picha zilirudi bila majina yake, tukazipanga kwa saa iliyoandikwa ndani ya kila faili. Za ukumbini zilirudi zote. Za kadi ya asubuhi na kanisani zilirudi kama 1,300, zote za kuanzia katikati ya ibada. Bibi harusi akivishwa shela, baba yake akimshika mkono mlangoni mwa kanisa: hizo zilifunikwa na kicheni pati. Alikaa akiitazama picha ya kwanza iliyopona, ya wawili tayari wako mbele ya mchungaji, na hakusema kitu kwa muda mrefu.

Alikwenda mwenyewe kwa familia, akaeleza, akarudisha sehemu ya malipo, kisha akakusanya picha za asubuhi ile kutoka simu za mashangazi.

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikikaa mahali pengine. Kwa rafiki yangu imekuwa hivi. Kadi hazifomatiwi mpaka albamu ikabidhiwe. Usiku uleule wa harusi picha hunakiliwa, si kuhamishwa, kwenye diski mbili, na kabla ya kulala hufungua picha kadhaa kutoka kila diski, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, kuona kama zinafunguka kweli. Diski moja hubaki studio. Ya pili huenda kwa dada yake Chumbageni, imebandikwa utepe wa karatasi wenye tarehe ya harusi, na chini yake neno RUDUFU kwa kalamu nyekundu.