Hadhara, Faragha na Maficho

Mtu anayefungua kundi katika Facebook hutakiwa, kabla hajaandika neno la kwanza, aseme ni kundi la namna gani alitakalo, naye aghalabu hujibu kwa haraka, maana maneno aliyowekewa mbele yake huyadhania kuwa ni yale yale ayajuayo tangu utoto wake. Ilhali kila neno katika hayo ni mkataba unaokata shauri jirani, mwajiri na mawifi wataona nini na hawataona nini, nao mkataba huo hausomwi na mtu mpaka siku jambo limekwisha kuharibika.

Hadi mwaka 2019 namna zilikuwa tatu: kundi la wazi, kundi lililofungwa, na kundi la siri, nazo zikadhaniwa kuwa ni vidato vitatu vya ngazi moja, kila kidato kikizidi kile cha chini yake kwa kufunika. Kumbe ndani yake yalichanganyika maswali mawili yasiyo na udugu. Swali la kwanza ni hili: mtu asiye mwanachama aweza kuwaona waliomo na kuyasoma wanayoyaandika? Na la pili ni hili: aweza hata kujua kwamba kundi hilo lipo duniani? Mwezi wa Agosti mwaka huo Facebook iliyatenga maswali hayo, likawa la kwanza linajibiwa kwa `Public` au `Private`, na la pili, kwa kundi la `Private`, linajibiwa kwa `Visible` au `Hidden`. Lile lililofungwa likawa la faragha linaloonekana, na lile la siri likawa la faragha lililofichika.

Kwa Kiswahili, namna ya kwanza napendelea kuiita kundi la hadhara kuliko kundi la umma, kwa sababu umma kwetu una harufu ya miliki ya serikali, kama tusemavyo hospitali ya umma na mali ya umma, na kundi la namna hii si mali ya wote, bali ni lenye mwenyewe anayeweza kukufukuza saa yoyote apendayo. Lililo la wote ndani yake ni kutazama tu. Faragha ni neno linalokaa mahali pake barabara, kwani watu wawili wakiomba faragha wakajitenga, waliobaki wanawaona kwamba wamejitenga na wanajua ni nani aliyewaita, ila hawasikii wanenayo. Neno siri ningeliacha, kwa kuwa siri ni sifa ya habari, nayo yaweza kuwamo hata katika kundi la hadhara kwa ujinga wa mtu mmoja; kilichofichwa hapa ni kuwapo kwa kundi lenyewe, basi na tuseme lililofichika.

Ili tofauti hizo zidhihirike, natuchukue mfano wa kundi la wanawake waliopata nasuri ya uzazi, ule ugonjwa ambao hospitalini huitwa fistula, unaotokana na uchungu uliokawia hata mkojo ukawa unavuja bila kuzuilika, na ambao wengi wameachwa na waume zao kwa ajili yake. Tuseme mwenye kundi ameliita kwa jina la ugonjwa huo na la mji wake, na jirani yake akaandika neno nasuri katika mahali pa kutafutia.

Likiwa kundi hilo ni la hadhara, jirani ataliona jina, atawaona wanachama, atasoma alichoandika kila mmoja na walivyojibizana, bila kubisha hodi na bila yeyote kujua kwamba amepita. Likiwa la faragha linaloonekana, maandishi hayatamfikia wala orodha ya wanachama. Lakini jina ataliona, na picha ya juu, na idadi ya watu, na maelezo yote aliyoyaandika mwenye kundi, na pamoja na hayo jina la mwenye kundi na la wasimamizi wenzake. Hapo ndipo watu wanapopotewa. Yule aliyeanzisha kundi kwa wema amejitangaza yeye mwenyewe, na kama katika maelezo ameandika kwamba wanakutana kila Alhamisi katika wodi fulani, basi amewatangaza na wenziwe, kwa sababu anayetaka kuwajua hahitaji tena orodha. Hukaa tu penye mlango wa wodi siku hiyo ya Alhamisi.

Wala hofu hii si ya kubuni. Mwaka 2018 wanawake wa Marekani wenye hitilafu katika jeni zinazojulikana kwa jina la BRCA, ambazo humzidishia mtu hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, waligundua kwamba majina ya wanachama wa kundi lao lililofungwa yaliweza kuonwa, na hata kukusanywa kwa maelfu, na mtu asiyekuwa mwanachama, akitumia kijiprogramu cha kuongeza kwenye kivinjari chake. Maandishi yao hayakusomwa. Lakini katika kundi la namna ile kuwamo peke yake ni cheti cha daktari, na mwenye orodha hana haja ya maandishi. Katika mwaka huo huo Facebook iliwafungia wasio wanachama orodha za makundi yaliyofungwa. Tangu hapo nimekuwa nikiona kuwa swali la nani yumo ni zito kuliko la nani amesema nini, ijapokuwa wengi wanaofungua makundi huwaza la pili tu.

Tukirudi kwa wale wa nasuri, mtu atasema, basi na walifiche. Wakilificha, jirani ataandika neno lake na asipate kitu, na hata akipewa kiungo na mtu, atafunguliwa ukurasa unaosema tu kwamba yaliyomo hayapatikani. Lakini mwanamke wa kijijini aliyerudi kwao wiki iliyopita, ambaye hajui kwamba ugonjwa wake una tiba, naye ataandika neno lile lile na asipate kitu vile vile. Hawezi kuingia ila aalikwe na aliyemo, na aliyemo hamjui. Rai yangu ni kuwa, pale ambapo wagonjwa wapya ndio muradi wa kundi, afadhali libaki la faragha linaloonekana, jina lake lichaguliwe kwa upole, maelezo yasitaje mahali wala siku, na usimamizi ashike mtu ambaye kujulikana hakumdhuru, mathalani muuguzi.

Mwenye kundi akitaka yakini asijitazamie mwenyewe, maana yeye ni mwanachama na huona kila kitu; na amwombe mtu asiyekuwamo alitafute kwa simu yake, kisha amwonyeshe kioo kilivyo. Na ajue kwamba kuligeuza kundi la hadhara kuwa la faragha hufunga mlango kuanzia saa ile, wala hakumnyang'anyi mtu alichokwisha kukisoma au kukipiga picha. Kadhalika faragha yote hii ni baina ya watu na watu, kwani mitambo ya kampuni yenyewe hupitia yaliyoandikwa hata katika makundi yaliyofichika, ikitafuta yanayovunja kanuni zake.