Kumsikiliza mtu aliyekuta shamba lake limelimwa

Mnamo Februari 2025 kambi za wakimbizi wa ndani pembeni ya Goma, kama Bulengo, zilivunjwa, na familia nyingi zikarudi Masisi. Kuna waliokuta mashamba yao yamelimwa na wengine. Mara nyingi neno hilo hufika kwanza kwa mchungaji au mzee wa kanisa, watu wawili wakiketi peke yao.

Tuchukue mfano. Mama anaingia na kusema, "Jirani ameniiba shamba, na ninyi wa kanisa mmenyamaza tu!" Wengi wetu tungeanza kujitetea. Afadhali tumrudishie aliyoyasema, kwa maneno yetu: "Mama, unasema umerudi, umekuta jirani amelima shamba lako, na unaona kanisa halikukusaidia. Nimeelewa vizuri?"

Neno "unasema" lina kazi hapo. Bila hilo tunageuka mashahidi, na kesho sokoni itasemwa kwamba mchungaji amemwita jirani mwizi. Lakini hatupunguzi uchungu wake. Tukisema "umesikitika kidogo", atapaza sauti na kuanza upya, nasi tutajua kwamba hatukumsikia. Akijibu "Ndiyo, tena...", tumefika.

Sasa swali, moja tu, kisha tunangoja. Huku kwetu "shamba langu" linaweza kuwa la urithi, la kununua, au la kukodi kwa msimu katika konsesyo ya mtu. Tunauliza: "Shamba hilo mlilipata namna gani?" Mama anajibu: "Tulikodi misimu miwili, tukalipa mbele. Tulivuna mara moja tu, vita ikatukimbiza."

Maneno yamebadilika kabisa. Hatudai tena umiliki. Ni msimu mmoja uliolipwa na haukulimwa, na wa kuonana naye kwanza ni mwenye konsesyo, si jirani. Pengine jirani naye alilipa. Tunamrudishia tena: "Kwa hiyo, mama, unachodai ni msimu uliobaki?" Akikataa, tunashukuru na kumwacha atusahihishe. Kukosea hapo si aibu, ndiyo maana tunauliza.

"Kwa nini hukuja mapema?" tuliache. Linasikika kama hukumu, hata likisemwa kwa upole. Na kwa mtu wa Walikale anayewaza kwa Kinyanga, au wa Masisi anayewaza kwa Kihunde au Kinyarwanda, tumwombe aseme neno lile zito kwa lugha yake, hata kama itabidi atueleze maana. Kiswahili chake cha hasira mara nyingi ni kikali kuliko alichokusudia.

Kuna mahali pa kusimama. Akianza kutaja watu wenye silaha, hatuulizi majina, wala hatuandiki kitu. Swali la kufafanua linaweza kumletea hatari usiku uleule. Tunamuuliza tu kama leo ana mahali pa kulala salama, na shamba linangoja siku nyingine.