Mlango wa Kutuma Ufungwe Mwisho: Kustaafisha Matoleo ya API kwa Simu za Bonde la Kilombero

Mto Lumemo hushuka kutoka milima ya Udzungwa na kupita kando ya mji wa Ifakara. Masika yakikolea hufurika, na baadhi ya njia za bondeni hazipitiki. Wakati wa kilimo, kaya nyingi za Kilombero huhamia kwenye mashamba ya mpunga na kukaa huko kwa miezi, mbali na zahanati na mara nyingi mbali na mnara wa simu. Anayekusanya taarifa za afya katika mazingira haya hutumia programu inayohifadhi rekodi ndani ya simu na kuzituma baadaye, mtandao unapopatikana. Kwa hiyo nakala iliyosakinishwa ni zaidi ya programu iliyopitwa na wakati. Ni ghala la rekodi ambazo hazipo popote pengine.

Maandishi mengi kuhusu kustaafisha matoleo ya API hayazingatii hali hiyo. Hushauri kutangaza tarehe, kuwahimiza watumiaji wasasishe programu, kisha kuzima toleo la zamani. Hoja yangu ni kwamba kusoma na kuandika vinapaswa kustaafishwa kwa ratiba mbili tofauti. Anwani za kusoma zinaweza kufungwa kwa tarehe iliyotangazwa, kwa sababu simu iliyokosa taarifa mpya itazipata baada ya kusasishwa. Anwani za kuandika zifungwe tu kunapokuwa na ushahidi kwamba foleni zilizo ndani ya simu zimekwisha.

Mfano halisi unatoka DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Tanzania huutumia kukusanya takwimu za vituo vya afya. Mwaka 2021 toleo 2.36 lilileta anwani mpya ya kupokea rekodi za mtu mmoja mmoja, `/api/tracker`. Anwani za zamani, ikiwamo `/api/events`, ziliendelea kufanya kazi sambamba nayo hadi zilipoondolewa katika toleo 42, mwaka 2025. Muda wa takriban miaka 4 ni wa kuridhisha kwa kipimo chochote. Ugumu haukuwa kwenye muda, bali kwenye yale yaliyobadilika nyuma ya majina.

Majina yenyewe ni kazi nyepesi. Tarehe ya tukio iliyoitwa `eventDate` sasa ni `occurredAt`. Panahitajika uangalifu kidogo kwenye uandikishaji, ambako `incidentDate` nayo imekuwa `occurredAt`, ilhali `enrollmentDate` imekuwa `enrolledAt`. Anayebadilisha maneno kwa kutafuta na kuweka upya bila kuangalia aina ya rekodi anaweza kuchanganya tarehe mbili zenye maana tofauti, na huenda seva isilalamike, kwa kuwa zote ni tarehe halali.

Tabia ndiyo iliyobeba hatari kubwa zaidi. Anwani ya zamani ilihifadhi rekodi papo hapo, kisha ikajibu. Anwani mpya, isipoelekezwa vinginevyo, huipokea kazi, huiweka kwenye foleni ya seva na kurudisha namba ya kuifuatilia. Majibu yote mawili yanaweza kubeba 200, lakini la kwanza husema rekodi imehifadhiwa na la pili husema kazi imepokewa. Programu iliyozoea kufuta rekodi simuni mara ionapo 200 itafuta rekodi ambayo dakika moja baadaye seva inaweza kuikataa kwa kosa la uhakiki. Kuna badiliko jingine: anwani mpya kwa kawaida hukataa furushi zima endapo rekodi moja ndani yake ina kasoro. Mtoto mmoja aliyeandikiwa tarehe ya kesho huzuia rekodi za wenzake wote waliotumwa pamoja naye.

Tuseme kuna programu iliyoandikwa na kikundi kidogo kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii upande wa Lumemo, nayo bado inaongea lugha ya zamani. Seva inahamia toleo 42. Badala ya kuziacha simu zigonge ukuta, kikundi kinaweka mbele ya seva programu ndogo ya kutafsiri. Inapokea ombi hili, ambalo nimelifupisha:

```
POST /api/events
{"event":"kQ3vT8mPz1a","eventDate":"2025-03-18"}
```

na kulipeleka hivi:

```
POST /api/tracker?async=false&atomicMode=OBJECT
{"events":[{"event":"kQ3vT8mPz1a","occurredAt":"2025-03-18"}]}
```

Vigezo viwili kwenye anwani hiyo vina uzito kuliko jina la tarehe. Cha kwanza kinailazimisha seva ikamilishe kazi kabla ya kujibu, hivyo jibu linabeba matokeo halisi ya kuhifadhi. Cha pili kinaruhusu rekodi nzuri ziingie hata kama jirani yake ina kasoro. Kisha mtafsiri anageuza jibu, kwa sababu simu inatarajia `importSummaries` na haielewi muundo mpya wa ripoti. Sehemu hii ya kurudi ndiyo husahaulika. Rekodi huingia salama, simu isielewe jibu, nayo ikaendelea kutuma kila ipatapo mtandao mpaka bando liishe. Nafuu ni kwamba kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 kinaweza kutungwa simuni kabla ya kutuma, hivyo rekodi ileile ikifika mara tatu hubaki rekodi moja. API isiyo na kitambulisho cha aina hiyo haina njia salama ya kurudia kutuma.

Zipo njia rasmi za kutoa taarifa. Kichwa cha `Sunset`, kilichoelezwa katika RFC 8594 ya mwaka 2019, hutaja siku ambayo anwani itazimwa. Kiwekwe, ila tusikitegemee kupita kiasi: programu iliyosakinishwa kabla ya mwandishi wake kufikiria kukisoma haitakisoma kamwe. Wanaofaidika ni waandishi wa programu. Tangazo la kusasisha nalo lina mipaka. Simu yenye Android ya zamani mno hubakizwa kwenye toleo la mwisho linaloikubali, hata mwenyewe angependa kusasisha. Na ushauri wa kufuta programu kisha kuisakinisha upya, unaotolewa kwa nia njema kwa simu kila mahali, hufuta pia rekodi ambazo hazijatumwa. Kwa mhudumu aliyekaa mashambani msimu mzima, maelekezo hayo ni hasara isiyofidika.

Ushahidi wa kufunga unapatikanaje? Si kwa kuhesabu maombi. Simu moja yenye kosa inaweza kugonga mara elfu kwa siku, na simu kumi zilizo kimya zisigonge hata mara moja. Kinachohesabiwa ni nakala: kila moja itume namba ya toleo lake, alama yake isiyomtambulisha mtu, na idadi ya rekodi zilizobaki kwenye foleni. Hapo msimamizi anaona lini kila nakala ilionekana mara ya mwisho ikiwa na mzigo. Ukimya wa Aprili usichukuliwe kuwa ushahidi. Angalau msimu mzima wa kilimo upite, watu warudi kutoka mashambani, ndipo ukimya uwe na maana. Kuzima kwa majaribio kwa saa chache kunasaidia kuwaibua waliosahauliwa, mradi seva ijibu 503 pamoja na `Retry-After`. Jibu la 404 au 410 linaweza kuiambia programu kwamba rekodi haitapokelewa tena, na zipo programu zinazoitupa rekodi zikisikia hivyo.

Napokea pingamizi kwamba mtafsiri ana gharama, na kwamba msimbo wa zamani huacha mianya ya usalama. Ndiyo maana awe mwembamba, asiwe na hifadhidata yake, na kila ombi lipite kwenye uthibitisho uleule wa mtumiaji. Hata siku ya kumwondoa ikifika, palepale kwenye anwani ya zamani ya kuandika pabaki pa kupokelea: panathibitisha mtumaji, panahifadhi mzigo kama ulivyokuja bila kuufasiri, panajibu kwa muundo wa zamani kwamba umefika, na panamwarifu mtunza takwimu wa wilaya kuwa kuna rekodi ya kuingizwa kwa mkono.