Shosho, bibi au nyanya? Historia ya maandishi yanayosomwa na ukoo na marika

Tuseme kijana wa Ruiru amefiwa na mama yake baba. Maziko yatafanyika nje kidogo ya Thika na familia imemtaka aandike aya moja kwa niaba ya wajukuu, itakayochapishwa katika kijitabu cha mazishi. Aya hiyo itasomwa na shangazi waliostaafu ualimu, na wazee waliofanya kazi katika mashamba ya kahawa, na binamu wa Nairobi, na vijana wenzake watakaokuja na matatu mbili kutoka Githurai. Anakwama kwenye neno la kwanza kabisa: amwiteje marehemu?

Kamusi inampa "bibi". Lakini katika Kiswahili kinachozungumzwa Ruiru, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya bara la Kenya, "bibi yangu" ni mke wangu. Akiandika "tunamlilia bibi yetu", wapo watakaocheka makaburini. Mwalimu wake alimfundisha "nyanya", neno sahihi tena la heshima, ila wale wa Githurai watafikiria kachumbari. Nyumbani alimwita marehemu "shosho", neno la Kikuyu ambalo leo hata wasiokuwa Wakikuyu wanalitumia mitaani. Mambo hayaishii hapo. Akitaka kumshukuru mjomba aliyegharimia jeneza, kwa Kikuyu mjomba, ndugu wa mama, huitwa "mama". Sentensi "tunamshukuru mama kwa yote" itasomwa kwa njia mbili na watu walioketi benchi moja.

Wapo watakaosema kwamba shida hii imeletwa na vijana na Sheng' yao. Sivyo. Mgawanyo wa lugha tunaouona kati ya Ruiru na Thika umejengeka kwa miaka mia moja na zaidi, na kila lugha imebeba kumbukumbu za mahali ilipotokea.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge yakavuta vibarua wa makabila mengi. Kiswahili kilichotumika humo hakikuwa cha Lamu wala Mvita. Kilikuwa Kisetla, lugha ya amri: leta, peleka, toka, maliza. Mwambao husema "niletee maji tafadhali" au "naomba uniletee"; shambani mtu alisikia "leta maji" basi. Kisha tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari, iliyodumu hadi 1960. Kwa watu wa Kiambu na Thika, Kiswahili cha miaka hiyo kilikuwa pia cha askari na cha ofisi ya serikali. Mapenzi, maombolezo na baraka vilikaa ndani ya Kikuyu.

Ndiyo maana nina shaka na dhana tuliyoizoea, na ambayo sisi walimu ndio tulioieneza, kwamba Kiswahili rasmi ni heshima moja kwa moja. Kwa mzee aliyekulia shambani miaka ya 1950, Kiswahili cha urasmi kinaweza kusikika kama karani anayesoma ilani. Kijana anadhani amevaa suti, mzee anaona sare.

Tabaka la pili ni la shule. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, na insha ikawa na uzito wake. Kizazi kizima kilijifunza kwamba Kiswahili kizuri ni kile kilichojazwa methali, tashbihi na nahau hadi kikavimba. Nawaheshimu walimu walioifanya kazi hiyo, mimi mwenyewe nimewafunza wengi wao. Hata hivyo tulisahau kumwambia mwanafunzi kwamba insha ina msomaji mmoja tu, yaani mtahini, wala mtahini hamjui shosho.

Tabaka la tatu lilikuja kwa magurudumu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Jina lenyewe ni la Kikuyu: mang'otore matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi, nauli ya zamani. Sheng' ilikuwa imekwisha kuota mizizi Eastlands, katika mitaa kama Pumwani na Kaloleni, ambako watoto wa makabila mengi walibanana kwenye chumba kimoja na uwanja mmoja. Makanga wakaipandisha barabara ya Thika: Githurai, Ruiru, Juja, Makongeni. Kwa hiyo sikio la mzazi wa Ruiru lilikutana na Sheng' kwanza mlangoni mwa matatu, mahali pa kusukumana na kudaiwa nauli. Hofu ya wazazi kwamba Sheng' ni lugha ya wahuni ilianzia hapo. Haina ukweli wote, lakini ina historia.

Katikati ya haya yote kulikuwa na chombo kilichowahi kuliondoa tatizo la kijana wetu: kadi ya salamu. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka. Ulijaza kadi majina ya unaowasalimu na ujumbe mfupi, ukaituma kwa posta, na mtangazaji wa Idhaa ya Taifa ya Sauti ya Kenya akaisoma hewani. Salamu ilimfikia shangazi Thika na rafiki Ruiru kwa dakika ile ile. Nani alichagua lugha? Idhaa ilichagua. Kilikuwa Kiswahili, tena kilipitia kinywa cha mtangazaji, ambaye alikilainisha. Mwandishi hakulaumiwa kwa kujidai wala kwa kukosa adabu, kwa sababu kila kadi ilivaa vazi lile lile.

Soko la redio lilipofunguliwa, masikio yakagawanyika. Capital FM ilianza kutangaza kwa Kiingereza mwaka 1996, Kameme FM ikaja kwa Kikuyu mwaka 2000, na baadaye Ghetto Radio ikashika Sheng'. Kila rika likapata chombo chake, na kwa muda hapakuwa na haja ya kuzungumza na wote kwa pamoja. Kijitabu cha mazishi kinawarudisha wote kwenye ukurasa mmoja, ila sasa hakuna mtangazaji wa kulainisha.

Mwanaisimu Allan Bell, aliyechunguza watangazaji wa habari nchini New Zealand, alionyesha mwaka 1984 kwamba mtu yule yule, akisoma habari katika stesheni mbili zenye wasikilizaji tofauti, hubadilisha matamshi yake. Alitenganisha anayeambiwa, anayejulikana kuwa anasikiliza, na anayesikia kwa kupita tu. Nadhani hapa ndipo kijana wetu anapopata mwanga. Anayeambiwa katika aya ile ni ukoo wa marehemu. Marika wake wanajulikana kuwapo na watasikiliza, ila si wao wanaoambiwa. Wakilisahau hilo, atawaaga shosho kwa lugha ya kujipendekeza kwa Githurai.

Natunga hapa rasimu zake ili tuone. Ya kwanza ni ya insha: "Marehemu nyanya yetu mpendwa alikuwa nguzo imara na taa iliyoangaza njia zetu." Haina kosa la sarufi. Pia haina shosho ndani yake. Ingemfaa marehemu yeyote.

Ya pili ni ya mtaani: "Shosho alikuwa mnoma. Tangu adedi, keja ni tupu." Marika watahisi uchungu wake, maana "mnoma" kwao ni mtu hodari wa kustaajabiwa. Ila neno hilo limetoka kwa "noma", ambalo kwa mwenye umri mkubwa ni balaa, ni aibu. Shangazi atasoma kwamba mama yake alikuwa balaa. Na "kudedi" hakuna mzee atakayelisamehe kaburini, hata akilielewa. Hasa akilielewa.

Ya tatu inachanganya Kiingereza: "Shosho alitusapoti sana na tutammisi." Carol Myers-Scotton, aliyekusanya data nyingi Nairobi, alieleza vizuri kinachofanyika hapa: lugha moja hutoa fremu na nyingine hupachikwa ndani. Fremu ni Kiswahili: a-li-tu, tu-ta-m. Kiingereza kimetoa mizizi miwili tu. Hakuna aliyepotea hapo. Msomi atanuna kidogo, shangazi mwalimu ataelewa. Hatari iko Kiingereza kinapochukua fremu yenyewe, sentensi nzima nzima, kwa kuwa hapo wazee wa shambani wanaachwa nje ya mlango na kijana anaonekana anajionyesha kwa digrii yake.

Ningekuwa karibu naye ningemshauri aandike hivi: "Shosho alitupea karo alipouza maziwa, na hakuwahi kutukumbusha. Tutammisi jioni, wakati wa chai." Natazamia barua za kunikemea kwa ajili ya "alitupea". Sanifu ni "alitupa". Lakini soma tena: "Shosho alitupa karo." Aliitoa kwetu, au aliitupa? Katika Kiswahili sanifu maumbo hayo mawili ni sawa, na muktadha ndio huyatenga. Wazungumzaji wa bara walilitanzua hilo kwa "kupea", na walimu tukaliita kosa. Katika mtihani nitaendelea kulikata alama. Katika kijitabu cha mazishi cha Thika, ambako anayesoma ana machozi na anasoma mara moja tu, naliacha lipite.

Na mjomba? Aandike "mjomba" kisha jina lake, kwani neno hilo halina maana ya pili huko. Mshtuko wa "mama" akiuache kwa wasemaji wa Kikuyu wenyewe watakapopewa kipaza sauti, maana hapo kila mtu anajua anayetajwa kwa kumtazama.

Kwa marika wake anaweza kuacha alama moja ndogo mwishoni, "poa shosho", kwa mfano. "Poa" ni Kiswahili cha tangu zamani, kitu kikipoa. Wazee watasoma utulivu na vijana watasoma kwaheri yao.