Kukata mpigo wa ngoma kwenye sampla
Ni ufundi wa kugawa kipande cha ngoma kilichorekodiwa kuwa mapigo moja moja na kuyapanga kwenye pedi, aghalabu 16, ili yapigwe upya. Katika studio ndogo za Kibera na Kawangware, Nairobi, hutosha kompyuta na kibodi ya pedi.

Kata pale sauti ya kila pigo inapoanza, si kwa vipimo sawa. Tuseme kipande kina kasi ya mapigo 96 kwa dakika: pigo moja huchukua sekunde 0.625, na nusu yake ni 0.3125. Mpiga ngoma akigonga hai-hati kwenye 0.335, kuchelewa huko ndiko mwendo wake. Sampla ikiinyoosha hadi 0.3125, ngoma husikika kavu, kama saa ya ukutani.

Kwa hiyo hifadhi nyakati za asili kama noti. Ukishusha kasi hadi 90, hai-hati huhamia 0.357 na uwiano hubaki. Lakini vipande havirefuki, hivyo ukimya mfupi hukatiza mwangwi. Refusha mkia wa kipande au shusha sauti yake kidogo iwe nzito.