Soketi ya kitandani ndiyo inakuchelewesha asubuhi

Kama umepanga chumba kimoja pale Ihanda, wilayani Mbozi, na soketi iko kichwani mwa kitanda, basi unashika simu kabla hujanawa uso. Unapanga kusoma dakika kumi, unajikuta TikTok mpaka kunakucha.

Tafuta ekstensheni, chaji simu karibu na mlango. Alamu ikilia saa 11 alfajiri, hata na baridi ya Juni, lazima uinuke kuizima. Sasa pale pale iliposimu weka daftari limefunguliwa ukurasa wa leo, kalamu juu yake. Likiwa ndani ya begi, utarudi kulala.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, waliwapa watu mitihani ya umakini. Walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nayo mezani, japo zote zilikuwa kimya. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote, kwa hiyo usitegemee muujiza.

Mpango huu huwa unakufa umeme ukikatika. Simu ndiyo tochi, inarudi kitandani na inabaki huko. Nunua tochi ndogo, iweke chini ya mto. Na kama unahofia simu ya dharura kutoka nyumbani, acha mlio juu kwa namba hizo tu.

Kwenye Android, fungua Settings kisha Digital Wellbeing. Usiangalie saa tu, angalia umefungua simu mara ngapi. Baada ya wiki namba haijashuka? Sogeza chaja mbali zaidi.